Pima ya Kijana

Kijana alikuwa amekishika kipande cha boksi na kukigandamiza kwenye ubao wa mashua, upande wa pili, akikunja macho kwa jua. Mimi nilikuwa upande wa huku, nimebana kipimo cha leza kwenye mbao, natafuta kile kidoa chekundu. Juani kidoa cha leza hakionekani kirahisi. Usipokipa kitu cheupe cha kutua, kinapotea kabisa. Ndiyo kazi niliyompa siku ile, kushika boksi. Alikuwa na miezi mitano kwangu, na kazi alizozijua zilikuwa za namna hiyo: kushika, kubeba, kufagia vyuma, kwenda kununua maji.

Karakana yangu ni ndogo. Ipo Nyamisati, umbali wa kutembea kutoka bandarini, mahali ambapo ukitoka Barabara ya Kilwa pale Bungu ukashuka na njia ya mikoko, unaishia maji yanapoanzia. Wengi wanapajua Nyamisati kwa sababu ya Mafia: hapa ndipo abiria wanapopandia kivuko cha Mv Kilindoni na maboti ya kwenda ng'ambo. Sisi wa hapa tunaishi na vyombo vya mbao na vya faiba, na kamba wanaovuliwa mitoni. Kazi zangu ni madirisha, mageti, matela ya pikipiki, na mara mojamoja chuma cha chombo cha majini. Hicho cha mwisho nakipenda kuliko vyote, na ndicho kinachonitia hasara kuliko vyote.

Mwenye mashua alitaka kuweka paa la turubai. Ili nguzo za paa zisimame imara, ilibidi vyuma vinne vilale ndani ya mashua, ubavu hadi ubavu, kila kimoja na kibao cha chuma kilichochomelewa kila mwisho, na vile vibao vifungwe kwa bolti kwenye mataruma. Mashua haina upana mmoja. Inaanza nyembamba omo, inatanuka tumboni, inarudi kupungua tezi. Kwa hiyo vyuma vinne, vipimo vinne tofauti, na hakuna kimoja cha kukusahihishia kingine. Geti ukilikosea upande wa kushoto, upande wa kulia utakuumbua mapema. Mashua haikuumbui mpaka uingie na chuma mkononi.

Tena hakukuwa na muda. Chombo kilikuwa kimepandishwa juu kwa maji ya bamvua, na mwenyewe alitaka kukishua kwa bamvua lijalo. Asiyeishi pwani huenda akaona ni suala la siku moja au mbili. Sivyo. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na katikati yake ni maji mafu, ambayo hayafiki pale mashua ilipolala. Ukikosa bamvua, unakaa wiki mbili nyingine ukitazama chombo kikikauka juani na mbao zikiachana.

Basi nikapima. Chuma cha kwanza, karibu na tezi, leza ikaandika 5.08. Cha pili 5.75. Cha tatu, tumboni penyewe, 5.92. Cha nne, kuelekea omo, 5.33. Nikaandika kwa chaki kwenye kipande cha bamba: futi tano inchi moja, futi tano inchi saba na nusu, futi tano inchi tisa, futi tano inchi tatu na robo. Msomaji aliye makini ameshaona nilichokifanya. Mimi sikukiona, na nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii.

Nieleze kwanza kwa nini nilikuwa napima kwa futi. Kwenye karakana kama yangu hakuna lugha moja ya vipimo. Bamba la chuma tunaliita futi nne kwa nane, halafu unene wake tunautaja kwa milimita: futi nne kwa nane, milimita sita, kwa pumzi moja, na hakuna anayeshangaa. Skwea paipu ni inchi mbili kwa mbili, lakini urefu wake dukani ni mita sita. Fimbo za kuchomelea ni milimita. Mabati ni geji, ambayo namba ikipanda bati linakuwa jembamba. Mafundi wa mashua kwao ni futi na inchi, na mvuvi anayenunua kamba ya nyavu anahesabu kwa pima, mikono miwili iliyonyooshwa kifuani. Hata kile chombo chenyewe cha kupimia, utepe wa chuma unaojikunja, sisi tunakiita futi, ingawa upande mmoja kimeandikwa sentimita. Mtu akikuambia "nipe futi," hujui anataka chombo au urefu mpaka umwone anafanya nini. Humohumo ndimo tunamofanyia kazi, na kwa kawaida inakwenda, kwa sababu kila mtu anajua kipi kinasemwa kwa lugha gani.

Leza niliinunua Gerezani, Dar es Salaam. Ina kitufe cha kubadilisha vipimo: ukibonyeza inakupa mita, ukibonyeza tena inakupa futi, tena inchi, tena futi na inchi pamoja. Mimi huiacha kwenye hiyo ya mwisho, inayoandika futi, kisha inchi, kila moja na alama yake. Siku ile ilikuwa imehamia kwenye futi tupu, zenye nukta. Nani aliibonyeza sijui. Hukaa mfukoni mwa suruali pamoja na funguo, na mara nyingine watoto wa jirani huichezea kumulika paka. Yumkini ni mimi mwenyewe, kwa kidole gumba, nikitafuta kitufe cha kuwasha.

Tofauti ya hayo mawili ni hii. Futi moja ina inchi kumi na mbili. Lakini leza ikiandika futi zenye nukta haihesabu inchi hata kidogo. Inaigawa futi sehemu mia. Kwa hiyo 5.92 ni futi tano na sehemu tisini na mbili za futi ya sita. Zidisha 0.92 kwa 12, unapata 11.04. Ni futi tano na inchi kumi na moja. Mimi nilisoma tisa kwa sababu jicho langu lilizoea kwamba namba inayofuata futi ni inchi. Tano, tisa. Ile mbili ya mwisho nikaichukulia kuwa punje tu ya kupuuzwa.

Na hapa ndipo ubaya wa kosa hili unapojificha. Kama leza ingekuwa kwenye mita, ingeandika 1.80, na hata mlevi angejua kwamba mashua haina futi moja tumboni. Kama ingekuwa kwenye inchi, ingeandika sabini na moja. Makosa hayo yanapiga kelele. Hili la futi zenye nukta linakupa namba inayofanana na ile unayoitarajia. Futi tano na inchi tisa ni upana wa mashua wa kuaminika kabisa.

Kilichonimaliza zaidi ni kwamba nilihakiki. Sikuwa mzembe kiasi hicho. Baada ya kipimo cha kwanza, kile cha tezi, nilitoa futi mfukoni nikaweka ubavu hadi ubavu, kijana ameshika mwisho wa pili. Futi tano na inchi moja, sawasawa na nilivyosoma. Nikajiambia leza iko salama, nikairudisha futi mfukoni, vitatu vilivyobaki nikavipima kwa leza peke yake. Hesabu ifanye uone: 0.08 mara 12 ni karibu inchi moja. Na ukiisoma kwa kosa langu, sifuri nane, ni inchi moja kasoro kidogo. Pale mwanzoni mwa futi, kusoma vizuri na kusoma vibaya vinakutana. Kadiri namba inavyopanda baada ya nukta ndivyo vinavyoachana, hadi kufikia karibu inchi mbili nzima unapokaribia futi inayofuata. Nilikuwa nimekihakiki chombo mahali pekee ambapo kosa lake halionekani.

Tukarudi karakanani. Nikalaza paipu ya kwanza kwenye vigoda, nikaanza kuweka alama kwa kipimo kirefu kuliko vyote, kile cha tumboni. Futi tano inchi tisa, toa nusu inchi ya vile vibao viwili vya milimita sita, kimoja kila mwisho. Milimita kumi na mbili si nusu inchi kamili, inapungua kama unene wa ukucha, lakini hiyo tunaiachia rangi. Nikachora mstari kwa chaki, nikaweka skwea, nikachora tena. Nikamwambia kijana achomeke grainda.

Akachomeka. Kisha akasimama pale, waya mkononi.

"Fundi, samahani."

"Sema."

"Hiki ndicho cha katikati?"

Nikamwambia ndicho. Akatazama chini. Alikuwa na miaka kumi na saba, amelelewa Mbwera kwa babu yake mvuvi, na vijana waliolelewa na babu hawamwambii mtu mzima amekosea. Wanauliza, wakiuliza wanazunguka, na usipokuwa na subira hutajua kuwa umeambiwa kitu.

"Pima yangu ni futi tano na inchi tisa, fundi."

Nikawa sijaelewa. Nikadhani ameanza porojo za ujana, za nani mrefu. Grainda iko mkononi, jua linakwenda. Nikamjibu kwa mkato kwamba tutapimana tukimaliza kazi.

Hakuondoka kwenye soketi. "Ulipokwenda kuongea na mwenye mashua nilijinyoosha pale katikati. Hivi." Akanyoosha mikono yote miwili, kifua mbele, kama apimaye kamba ya jarife. "Sikufika. Kilibaki kama vidole vitatu."

Namkumbuka vizuri alivyosimama na mikono ile, kama mtu aliyesulubiwa kwenye hewa, uso wake umejaa wasiwasi wa kunikera. Nami namkumbuka yule fundi mwenye grainda, ambaye ni mimi, alivyofungua kinywa kusema leza haikosei. Nilisema kweli. Neno lilitoka zima. "Leza haikosei."

Wala leza haikukosea, nikitazama nyuma. Ilipima upana ule vizuri kuliko sisi sote na ikaandika ilichopima, na pembeni ya namba, kwa herufi ndogo kama mchwa, ikaandika ft.

Kilichoniokoa sijui kama nikiite busara. Nadhani ni vile vidole vitatu. Mtu akikuambia "naona kama ni pana zaidi" unampuuza. Mtu akikuambia vidole vitatu, kichwa kinafanya hesabu bila kuombwa, na vidole vitatu vya kijana mvuvi ni inchi mbili hivi. Inchi mbili si kitu cha kutokea kwa mikono kutetereka. Nikaweka grainda chini, nikachukua futi, tukarudi kwenye mashua.

Tumboni: futi tano inchi kumi na moja. Nilichoandika, tisa.

Sikufurahi, nilikasirika. Nikaanza kuitafutia leza dhambi. Leza hizi zina mpangilio mwingine pia, wa kuanza kuhesabu kutoka kitako cha chombo au kutoka kichwani, na ukiukosea kipimo chako chote kinatoka pungufu au kuzidi kwa urefu wa chombo chenyewe. Nikasema ni huo. Lakini kosa la namna hiyo lingekuwa lilelile kila mahali. Tukapima cha pili: futi inasema inchi tisa, nimeandika saba na nusu. Pengo inchi moja na nusu. Cha nne: futi inasema nne, nimeandika tatu na robo. Pengo robo tatu. Cha kwanza hakina pengo. Mbili, moja na nusu, robo tatu, sifuri. Chombo kilichoanzia mahali pabaya hakifanyi hivyo. Hapo ni namba yenyewe iliyosomwa kwa lugha isiyo yake.

Nikaiwasha tena, nikapima, nikamkabidhi kijana asome. Akasoma kama alivyofundishwa shuleni: "Tano nukta tisa mbili." Alisema nukta. Mimi asubuhi nzima sikuwa nimeitamka. Kwa macho yangu ile nukta ilikuwa kama uchafu wa kioo.

Baadaye, mikono ikiwa imetulia, nilikaa na chaki nikahesabu ningepata hasara gani. Nakiri nilitarajia kubwa. Ikawa si kubwa. Kile ambacho ningekikata futi tano na inchi tisa kwa ajili ya tumbo kingetosha pale pa pili, panapotaka inchi tisa. Cha pili kilichokatwa saba na nusu kingepunguzwa kwa ajili ya omo, na cha omo kwa ajili ya tezi. Kila kimoja kingeshuka daraja, ningenunua paipu moja tu. Lakini hayo ni mahesabu ya mtu anayejua amekosea wakati chuma bado kitupu. Mimi nisingejua mpaka vibao vimechomelewa, vimetobolewa, vimepakwa rangi ya kuzuia kutu, na kubebwa hadi ufukweni.

Na pale ufukweni najua ambacho kingetokea, maana nimekiona kwa wengine. Chuma kinapelea inchi moja kila upande. Mwenye mashua anahema, bamvua ni keshokutwa. Mtu anasema, kaza tu bolti, mbao zitafuata. Na mbao kweli zinafuata, hilo ndilo balaa lake. Bolti inavuta taruma ndani, taruma inavuta ubao, maungio yanafunguka, na kalafati iliyopigwa kwa pamba na mafuta inaachia. Nje hakuna kinachoonekana. Mashua inashuliwa, inakwenda vizuri, na mahali fulani kati ya hapa na Mafia mtu anaona maji ngamani ambayo hayakuwepo.

Miaka kadhaa kabla nilikuwa nimesikia habari ya ndege ya Air Canada ya mwaka 1983, ile Boeing 767 iliyoishiwa mafuta angani ikatua kwenye uwanja wa zamani wa Gimli bila injini, na watu wote wakapona. Nilikuwa nikiisimulia kama kichekesho cha wasomi. Ndege mpya ilitumia kilo, walioihudumia wamezoea ratili. Mafuta yalipimwa kwa lita, na ili kujua uzito walizidisha kwa 1.77, ambayo ni ratili za lita moja, wakadhani wamepata kilo. Walihitaji kilo 22,300; walichokuwa nacho kilikuwa ratili 22,300, chini ya nusu. Sehemu ambayo sikuwa nikiisimulia ni kwamba walihakiki. Ndege iliposimama Ottawa njiani, mafuta yalipimwa tena kwa kijiti tangini, hesabu ikafanywa upya, kwa ile ile 1.77. Jibu likalingana. Lingekosaje kulingana?

Siku hizi siisimulii tena kwa kucheka. Mimi pia nilikagua na jibu likalingana. Kijana ndiye aliyepima kwa kitu kisichotoka kwenye leza wala kwenye bamba langu la chaki, kitu alichokuja nacho kutoka Mbwera, alichofundishwa na babu yake kwa ajili ya kamba za nyavu. Na hakukusudia kuhakiki. Nilipomuuliza kwa nini alijinyoosha, akasema alikuwa amechoka kushika boksi.

Sisi watu wa kuishi na vipimo viwili kichwani tungestahili kuwa wajanja wa mambo haya. Simu yangu inaandika 9:00 nami nasema saa tatu, kila siku, bila kukosea. Mwenye mashua akinipigia kwamba atakuja saa nne sijawahi kumngoja saa nne ya simu. Lakini hiyo ni kwa sababu tangu utotoni nilijua kwamba saa ya ukutani inasema vingine na mimi nasema vingine. Leza sikuwa nimeijua hivyo. Niliidhania inasema kama mimi.

Vyuma tulivikata alasiri ile, kwa futi, kila kimoja kimepimwa mara mbili na watu wawili tofauti, kijana anasoma kwanza kwa sauti kabla mimi sijasoma. Utaratibu huo haujabadilika. Una usumbufu wake: wateja wanaona fundi mzima anasomewa namba na mtoto, mmoja alishaniuliza kama macho yangu yameanza kuisha. Nikamwambia yameanza. Na leza ina kipande cha utepe wa umeme juu ya kile kitufe, ukitaka kukibonyeza mpaka uubandue.

Mashua ilishuliwa kwa bamvua lake. Vyuma viliingia kwa kugongwa kidogo na kiganja, haikutakiwa nyundo.

Kwenye ukuta wa nje wa karakana, kando ya mlango, kuna mistari ya chaki, imelala. Nilimwambia kijana aweke mgongo ukutani anyooshe mikono, nikachora ncha za vidole vyake, nikaandika 5'9". Chini yake yangu, futi tano na inchi saba. Mwenye mashua alipopita akataka na yake iwekwe. Mvua huifuta, tunaichora upya. Mwezi uliopita tulipokuwa tunairudishia, vidole vya kijana vilipita alama ya zamani kwa nusu inchi, karibu robo tatu. Akageuka kutazama, akatazama mikono yake, akachukua chaki akaifuta ile namba mwenyewe.

"Sasa ile ya mashua," akasema, "ningesema vidole viwili."